Ekari ya mikorosho, cherehani, vipande au dhahabu: kuchagua zawadi ya kijana anayetimiza miaka 18 au 21

Katika familia nyingi za Mtwara na Lindi, kijana anayetimiza miaka 18 huwa amekwisha kuhesabiwa mkubwa kwa mila. Jando na unyago hufanyika akiwa bado mdogo, na zawadi za siku ile, yaani khanga, nguo mpya, kuku na fedha alizotuzwa ngomani, zilikwisha kutumika zamani. Kinachoongezeka akifika 18 ni uwezo wa kisheria. Anaweza kusajiliwa na NIDA, kupiga kura, kusajili laini ya simu kwa alama za vidole vyake mwenyewe, kufungua akaunti ya benki isiyopitia kwa mzazi, na kuingia katika mkataba unaombana yeye na si mlezi wake. Miaka 21 haina mabadiliko makubwa kiasi hicho mbele ya sheria zetu, ingawa ndio umri ambao Katiba inamruhusu raia kugombea ubunge. Uzito wake hutokana zaidi na maisha: wakati huo kijana huwa yuko chuoni, ameanza kibarua, au amerudi nyumbani na anatafuta pa kushika.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi. Zawadi ya miaka 18 inafaa kumkabidhi kijana kitu ambacho mwaka uliopita hangeweza kukimiliki kwa jina lake, ilhali zawadi ya miaka 21 inafaa kuangalia zaidi njia ambayo amekwisha kuishika. Nimeona zawadi nyingi za umri huu zikiishia kwenye manung'uniko, na sababu si kwamba zilikuwa duni, bali mtoaji alitoa kwa mdomo huku mkono ukiendelea kushikilia.

Nimechagua zawadi nne ambazo wazazi, wajomba na mashangazi wa huku huzifikiria mara kwa mara: ekari moja ya mikorosho, cherehani au chombo kingine cha kazi, vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na dhahabu au fedha ya kuvaa. Zote nne nitazipima kwa maswali yale yale. Kwanza, zawadi hiyo inasema nini mbele ya watu siku ya kukabidhiwa, na je, itaendelea kusema hivyo baada ya miaka kumi? Pili, inamfanyia kijana kazi gani ndani ya mwaka wa kwanza? Tatu, inadai nini baada ya kutolewa, iwe fedha, muda au uangalizi? Nne, ni ya nani kweli, na jina la nani limeandikwa mahali panapohesabika? Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kwa muda mrefu pale linapohitajika.

Ekari moja ya mikorosho

Kwa maana, hakuna zawadi inayoifikia hii katika mikoa hii miwili. Kumpa kijana mikorosho ni kumtambua mbele ya majirani kuwa mwenye shamba, mtu atakayeitwa kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika na ambaye mpaka wake utaheshimiwa. Mkorosho unaotunzwa huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa, hivyo zawadi hii inaweza kumkuta mpokeaji akiwa na watoto wake.

Kwa matumizi, yategemea umri wa miti. Kwa nafasi ya mita 12 kwa mita 12, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mikorosho, ekari moja huchukua miti 28 hivi. Ikiwa ni miti mikubwa inayozaa, msimu wa kwanza tu kijana atapeleka korosho ghalani. Ikiwa ni miche mipya ya kubebeshwa, itaanza kutoa kidogo kuanzia mwaka wa tatu, na kabla ya hapo faida yake itatoka katika mazao ya katikati ya mistari, kama ufuta, mbaazi, choroko au mihogo. Mtoaji aseme wazi anatoa nini kati ya hivyo viwili, kwa maana kijana aliyeahidiwa mikorosho akapelekwa kwenye pori lenye miche inayofika magotini atahisi amechezewa.

Madai ya zawadi hii ni mazito kuliko ya nyingine zote, na yanafuata kalenda isiyomngoja mtu. Baada ya mavuno miti hupogolewa. Kuanzia Mei au Juni, machipukizi na maua yanapotoka, huja ubwiriunga, ugonjwa unaoonekana kama unga mweupe juu ya maua na majani machanga. Asubuhi ukikishika kishada kilichoshambuliwa, unga hubaki vidoleni, na siku chache baadaye maua hugeuka rangi ya kahawia na kupukutika bila kufunga korosho. Kinga yake ya kawaida ni salfa ya unga inayopulizwa kwa mzunguko wa kila wiki mbili hadi tatu. Kwa kipimo cha robo kilo kwa mti mkubwa, miti 28 hula kilo saba kwa mzunguko mmoja, na mizunguko mitano hufika kilo 35, bila kuhesabu ujira wa mwenye mashine. Kabla ya korosho kuanza kudondoka, chini ya miti hupaliliwa na kufagiliwa ili ziokotwe kwa urahisi, kisha hukaushwa na kupelekwa ghalani kati ya Oktoba na Januari.

Linganisheni kalenda hiyo na maisha ya kijana wa miaka 18. Aliyechaguliwa kidato cha tano huenda akapangiwa shule ya bweni mkoa mwingine katikati ya msimu wa kupulizia. Akimaliza kidato cha sita akaitwa JKT, miezi hiyo nayo hayupo. Shamba lisilopuliziwa msimu mmoja halifi, lakini mapato ya mwaka ule hupotea karibu yote, na jirani mwenye shamba safi hulalamika. Kwa hiyo ekari ya mikorosho bila makubaliano ya nani atapulizia mwenye shamba akiwa masomoni ni nusu ya zawadi.

Jina ndilo linaloifanya zawadi hii iwe ngumu au iwe kweli. Ardhi ya kijiji haihami kwa tamko la sherehe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ugawaji na uhamishaji wa haki ya ardhi hupita katika halmashauri ya kijiji. Hivyo mtoaji huandika anachotoa na mipaka yake, majirani wa pande zote wanaitwa kuiona, mke au mume wa mtoaji anaridhia kwa maandishi, kikao kinaridhia na muhtasari unawekwa, kisha mpokeaji anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, kwa hiyo hoja kwamba binti ataolewa na shamba litahama ukoo haina nguvu mbele ya kikao, hata kama mzee fulani ataitoa kwa sauti kubwa.

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao ukoo wao kwa asili hufuata upande wa mama, kuna jambo la ziada la kuangalia. Mjomba anayempa mpwa wake shamba anafanya jambo linaloeleweka kwa mila, ila watoto wake mwenyewe nao wamekua wakilipalilia shamba lile na wanaamini ni la baba yao. Wasipoitwa siku ya kukabidhi, mgogoro hauzuki mjomba akiwa hai. Huzuka akishafariki, na wakati huo karatasi yenye saini zao ndiyo pekee itakayosema. Vilevile, miti na ardhi vinaweza kuwa vya watu wawili tofauti pale ambapo mtu aliruhusiwa kupanda mikorosho kwenye ardhi ya mwenzake. Ulizeni hilo kabla ya kutoa.

Kuna jina la pili ambalo wengi hawalikumbuki, nalo ni la daftari la wakulima. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, ambapo mkulima hupeleka mzigo kwenye AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, mnada hufanyika, na malipo huingia katika akaunti yake ya benki baada ya makato. Pembejeo za ruzuku nazo hugawiwa kwa aliyesajiliwa. Ikiwa shamba ni la kijana lakini usajili na akaunti vimebaki vya baba, basi salfa itatoka kwa jina la baba na fedha zitaingia kwa baba, na kijana atakuwa anaomba kilicho chake. Hapo ndipo shamba la zawadi hugeuka kuwa kibarua kisicholipwa.

Hatari nyingine inatoka kwa kijana mwenyewe. Anayebanwa na ada au starehe mwezi wa Agosti anaweza kuziuza korosho zikingali maua kwa mnunuzi wa kangomba, anayenunua nje ya mfumo rasmi kwa bei ya kutupa, au kuikodisha mikorosho kwa msimu mzima. Dalili huonekana mapema: mtu asiyejulikana ndiye anayepalilia. Mtoaji hawezi kulizuia hili kwa amri, ila anaweza kulipunguza kwa kuhakikisha kijana haanzi umiliki wake akiwa hana hata shilingi ya kupulizia.

Inamfaa kijana anayebaki kijijini au karibu nacho, aliyewahi kushika msimu mzima pamoja na wakubwa, na ambaye familia yake iko tayari kuketi kikaoni. Haimfai anayeondoka kwa miaka mitano, isipokuwa kama msimamizi na mgao wake vimeandikwa.

Cherehani, au chombo kingine cha kazi

Chombo cha kazi kinasema kwamba tumeuona ujuzi wako na tunaamini unaweza kujilisha nao. Ujumbe huo ni mzuri pale tu ambapo ujuzi upo. Binti anayetaka uuguzi akiletewa cherehani kwa sababu tu ni binti, amepewa hukumu iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi, na sioni njia laini ya kulieleza hilo. Kijana wa kiume naye si lazima apewe nyundo. Kwa aliyekulia kwenye mikorosho, mashine ya kupulizia inaweza kuwa chombo bora kuliko yote, kwa kuwa msimu mmoja anaweza kuwapulizia majirani kwa malipo, mradi apewe pia barakoa, miwani na nguo za kujikinga.

Kwa matumizi ya mwaka wa kwanza, hakuna kinachoshinda chombo. Anayesoma ushonaji VETA Lindi au VETA Mtwara, au anayejifunza kwa fundi wa mtaani, huanza kukitumia wiki ile ile. Cherehani ya mguu ina uzito wa kuchosha kuihamisha, lakini umeme ukikatika haisimami, na baadaye inaweza kufungwa mota. Ya umeme huenda kasi na huchukua nafasi ndogo katika chumba cha kupanga. Mnapoikagua dukani, msitosheke na kuona gurudumu likizunguka. Chukueni kipande cha khanga na kipande cha jinzi, shoneni juu ya tabaka mbili na nne, kisha pinduzeni kitambaa. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, kaza ya uzi wa juu haijakaa sawa, na muuzaji arekebishe mbele yenu. Cherehani ikiruka mishono hata baada ya kubadilishiwa sindano, namba 14 kwa khanga na 16 au 18 kwa jinzi, iacheni hapo hapo.

Madai yake ni madogo lakini ya kila siku: mafuta, sindano, bobini, mkanda, na mahali penye mwanga pa kuiweka. Dai kubwa linalojificha ni ovaloki. Fundi mwenye cherehani ya mshono wa kawaida peke yake hulazimika kupeleka kila nguo kwa mwenzake ikafungwe kingo, na malipo hayo hula sehemu ya faida yake. Anayetoa zawadi ya miaka 21 kwa fundi ambaye tayari ana cherehani angefanya vyema kufikiria ovaloki badala ya cherehani ya pili.

Jina hapa ni rahisi, yaani risiti iandikwe jina la kijana. Ugumu uko mahali pengine. Cherehani iliyowekwa sebuleni kwa shangazi hugeuka kuwa ya nyumba nzima, na kila mwenye suruali iliyochanika hutarajia kushonewa bure. Mtoaji mwenye busara hulisema hilo siku ya kukabidhi, wenye nyumba wakiwepo.

Inamfaa kijana mwenye ujuzi au aliyejiandikisha kuupata, na zaidi yule asiye na mtaji mwingine. Kwa kumbukumbu ni zawadi ya kati: itachakaa, na ikifanya kazi yake vizuri itauzwa ili inunuliwe kubwa zaidi.

Vipande vya mfuko wa uwekezaji

UTT AMIS, kampuni ya umma, huendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wa kwanza wake ukiwa Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005. Mwekezaji hununua vipande, thamani ya kipande hutangazwa, na anapohitaji fedha huviuza na kulipwa baada ya siku kadhaa za kazi. Vipande vinaweza kununuliwa kidogo kidogo, na hiyo ndiyo nguvu yake kwa mzazi asiye na fedha nyingi kwa mkupuo. Anayeweka shilingi 30,000 kila mwezi tangu mtoto ana miaka 15 atakuwa ameweka 1,080,000 siku ya miaka 18, kabla ya ongezeko lolote. Thamani ya kipande inaweza kupanda na inaweza kushuka. Si amana ya benki yenye riba iliyoahidiwa.

Siku ya kukabidhi, zawadi hii haina sura. Ni karatasi ya taarifa au ujumbe wa simu, na bibi aliyekuja na khanga yake ataipita bila kuiona. Baadhi ya wazazi hutengeneza maana kwa kuonyesha taarifa yote ya miaka iliyopita, mwezi kwa mwezi, na kwa kweli orodha hiyo ndefu ya akiba ndogo ndogo humgusa kijana kuliko jumla yake.

Mwaka wa kwanza vipande havifanyi lolote linaloonekana, isipokuwa pale mkopo wa chuo unapochelewa na kodi ya chumba inadaiwa, na hapo huokoa mwaka mzima wa masomo. Havidai salfa wala mafuta. Vinachodai ni kuachwa, na hicho kwa mtu wa miaka 18 si kidogo. Fedha inayoweza kuitwa kwa simu itaitwa, na rafiki mwenye mpango wa biashara hakosekani.

Kuhusu jina, kabla ya miaka 18 vipande hushikwa kupitia mzazi au mlezi, na baada ya hapo kijana huhitaji namba yake ya NIDA ili vihesabike vyake kamili. Kasoro ninayoiona mara nyingi ni akaunti yenye jina la mtoto na namba ya simu ya baba. Taarifa zote zinaingia kwa baba, uthibitisho wa mauzo unaingia kwa baba, na kijana anamiliki jina tu. Kama mzazi anaona kijana bado hajatulia, ni heri aseme kwamba atamkabidhi akifika 21, kuliko kumkabidhi leo kwa namna hiyo.

Inamfaa anayeondoka, awe anaenda kidato cha tano, chuo au kazi ya mbali, na inawafaa watoaji walioanza mapema.

Dhahabu, au fedha ya kuvaa

Hapa pwani, kutoka Kilwa hadi Mikindani, dhahabu ya binti ni lugha inayoeleweka bila maelezo. Huvaliwa, huonekana, na jina la aliyeitoa hutajwa kila inapoulizwa. Kwa kijana wa kiume Mwislamu dhahabu haivaliwi, hivyo familia nyingi humpa pete ya fedha au saa.

Matumizi yake ni akiba inayotembea. Kinachohesabika ni uzito na usafi. Muhuri wa 750 ni karati 18, wa 875 ni karati 21, na wa 375 ni karati 9, ambayo ina dhahabu chini ya nusu. Mkufu wa gramu tano wa karati 21 una gramu 4.375 za dhahabu halisi. Sonara akiununua tena, hulipa kwa uzito na bei ya siku ile, halipii ufundi wala vijiwe, na ndiyo maana mkufu uliochongwa sana hupoteza fedha nyingi siku unapouzwa. Pimeni mbele ya macho yenu, na risiti itaje gramu na karati.

Madai yake ni usalama. Dhahabu haipulizwi wala haipigwi mafuta, ila huibwa, na katika familia kubwa huazimwa kwa harusi moja ikarudi baada ya harusi tatu. Kuhusu umiliki, chochote kilicho shingoni ni cha mvaaji, ingawa kwa bangili ya bibi ni lazima kusemwa kama binti anapewa au anatunzishwa. Wengine huiyeyusha bangili ya zamani ili itengenezwe mtindo wa sasa. Uzito unabaki ule ule ukitoa ufujaji wa kazi, lakini alama za meno ya bibi zinakuwa zimeondoka, na mimi nisingefanya hivyo bila kumuuliza mpokeaji.

Inamfaa kijana ambaye mahitaji yake ya kazi yamekwisha kutazamwa na mtu mwingine, au ambaye ukoo unataka abaki na alama yake.

Mfano wa familia moja

Tuseme mjomba aliyeko Tandahimba ana shamba la ekari nne zinazozaa na ameweka pembeni shilingi 1,500,000. Mpwa wake wa kike anatimiza 18, amemaliza kidato cha nne na amepata nafasi ya ushonaji. Kaka wa binti huyo anatimiza 21 mwaka huo huo na yuko mwaka wa pili chuoni. Namba zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu, wala si bei ya soko.

Ekari moja yenye miti 28, kila mti ukitoa kilo 10, ni kilo 280. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500 kwa kilo, ni 700,000. Tukitoa 250,000 za palizi, salfa, kupulizia, kuokota na makato, hubaki 450,000 zinazoingia mara moja kwa mwaka. Shilingi 1,500,000 zote zikiwekwa katika vipande na thamani ikapanda kwa asilimia 10, huzaa 150,000 kwa mwaka bila mtu kuamka alfajiri. Cherehani, kwa nguo tatu kwa wiki na faida ya 5,000 kwa nguo, huleta 600,000 katika wiki 40, lakini fedha hizo ni ujira wa mikono ya binti, na wiki asiposhona hazipo.

Kwa hesabu peke yake, mjomba angempa kaka ekari na binti cherehani. Lakini kaka hayupo kijijini kuanzia Oktoba hadi Julai, yaani kipindi chote cha mavuno na mwanzo wa kupulizia, ilhali binti atasoma karibu na atarudi nyumbani likizo. Kwa hiyo kuna njia mbili zenye mantiki. Ya kwanza ni binti apewe ekari kwa muhtasari wa kijiji, mjomba aendelee kuipulizia kwa misimu miwili kwa mgao ulioandikwa, na cherehani inunuliwe kwa sehemu ya fedha. Kinachobaki kiwe vipande vya kaka, ambaye shida yake ni kodi ya chumba. Ya pili ni ekari ibaki ya mjomba kwa sasa, kwa sababu watoto wake wawili hawajakubaliana, na vijana wote wapewe vitu visivyohitaji kikao. Mimi ningechagua ya kwanza kama watoto wa mjomba wameweka saini, na ya pili kama hawajaweka, hata kama mjomba mwenyewe ana hakika kwamba watakubali baadaye.

Kwa hali yenu

Kama kijana ana miaka 18 na anaondoka mkoani, vipande vinamfuata popote, na kitu kidogo cha kuvaa kinaweza kuongezwa ili siku ile iwe na cha kushikwa mkononi. Kama anabaki na analijua shamba, ekari inastahili usumbufu wa kikao, mradi usajili wa daftari na akaunti ya benki vifuate ndani ya msimu huo huo, kabla ya salfa kuanza kugawiwa.

Kama ana miaka 21 na fani yake imeonekana, muulizeni ni chombo gani kinamkwamisha, kisha mnunue hicho hata kama hakipendezi kwenye picha. Ikiwa fani haijaonekana, msimnunulie chombo kwa matumaini. Vipande vitangoja pamoja naye.

Kama watoaji ni wengi na kila mmoja ana kidogo, dhahabu ya gramu chache na cherehani hugawanyika vizuri kwa michango, ila shamba halifai kutolewa na watu watano, kwa kuwa kila mmoja atakumbuka mti wake. Kama familia ina mgogoro wa ardhi unaoendelea, ekari isitajwe kabisa hadi umalizike.

Na kama siku imebaki wiki moja na bado hamjaamua, msindikizeni kwanza ofisi ya NIDA akiwa na cheti chake cha kuzaliwa. Namba hiyo itahitajika kwa akaunti, kwa vipande na kwa usajili wa mkulima. Ikishapatikana, zawadi yoyote mtakayoichagua inaweza kuandikwa jina lake, hata kama sherehe itakuwa imepita kwa miezi miwili.